Muhtasari wa mhadhara: dhima ya madai na dhima ya jinai

Wenzangu ambao hamkufika darasani, haya ndiyo aliyoyafundisha mwalimu jana. Nimeyapanga upya kidogo, kwa sababu yeye alianza na nadharia akamalizia na mfano, na mimi mfano ndio ulionifungua macho.

Mfano wenyewe: dereva wa lori la kampuni anaendesha huku anasoma ujumbe kwenye simu. Anamgonga mwendesha baiskeli, mguu unavunjika, baiskeli inasagika. Mwalimu akauliza, "Hii ni jinai au ni madai?" Nusu ya darasa ikasema jinai, nusu madai. Akatuambia sote tumekosea, kwa sababu tulidhani jibu limo ndani ya tukio. Halimo. Tukio ni moja, lakini linazaa dhima mbili, na kila dhima ina mwenye kuidai. Swali la kuuliza ni: nani anadai, na anataka apewe nini?

Kwenye jinai anayelalamika ni dola. Kosa linahesabiwa kuwa limetendwa dhidi ya jamii nzima, na mwendesha baiskeli, pamoja na mguu wake uliovunjika, anaingia mahakamani kama shahidi tu. Kinachotafutwa ni adhabu: kifungo, faini, kunyang'anywa leseni. Kwenye madai, mwenye kesi ni yeye mwenyewe. Anafungua shauri akiwa mdai, dereva anakuwa mdaiwa, na kinachotafutwa ni kumrudisha mdai, kadiri pesa inavyoweza, pale alipokuwa kabla ya kugongwa: gharama za matibabu, kipato alichokosa, maumivu, baiskeli. Si kila shauri la madai linaishia kwenye fidia. Mahakama inaweza pia kutoa zuio, au kumwamuru mtu atekeleze mkataba alioukubali.

Hapo kuna tofauti ambayo wengi huichanganya, ile ya faini na fidia. Zote ni pesa zinazomtoka aliyekosa, lakini faini inakwenda hazina ya serikali, fidia inakwenda kwa aliyeumia. Zipo nchi ambazo hakimu wa jinai anaweza kuamuru mhalifu amlipe fidia mwathirika, na Ufaransa mwathirika anaruhusiwa kuingiza dai lake ndani ya kesi hiyohiyo ya jinai. Hata hivyo dai linabaki dai. Limepanda gari moja tu na jinai.

Sasa tufike kwenye uthibitisho, ambapo mwalimu alikaa karibu nusu saa. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Kesi ya kukumbuka ni Woolmington ya mwaka 1935, ambapo Baraza la Malordi lilisema kwamba mzigo wa kuthibitisha hatia uko kwa upande wa mashtaka, na mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Kuna mianya, mfano anayejitetea kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili, lakini huo ndio msingi. Kwenye madai kipimo ni mizani ya uwezekano: je, yanayosemwa na mdai yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli? Jaji Denning alivieleza vipimo vyote viwili katika kesi ya Miller ya mwaka 1947. Mwalimu alichora mizani ubaoni akasema kwenye madai unyoya mmoja unatosha kuiinamisha. Kwenye jinai, unyoya hautoshi.

Ndiyo maana kesi ya O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, haina utata unaousikia mtaani. Oktoba 1995 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru kwa mashtaka ya mauaji. Februari 1997, kwenye shauri la madai lililofunguliwa na familia za marehemu, alionekana kuwa na dhima na akaamriwa kulipa jumla ya dola milioni 33.5. Watu husema mahakama zilipingana. Hazikupingana. Ya kwanza ilisema hatia haikuthibitishwa kwa kipimo cha juu, ya pili ikasema kwa kipimo cha chini madai yamethibitika. Tena kwenye jinai alikuwa na haki ya kunyamaza na aliitumia. Kwenye madai ilibidi ajibu maswali. Na kanuni ya kutoshtakiwa mara mbili kwa kosa moja haikumlinda, kwa sababu inazuia mashtaka ya jinai yasirudiwe, haizuii shauri la madai.

Nia nayo. Jinai kwa kawaida inataka vitu viwili vikutane: kitendo, na nia ovu au angalau kutojali hatari unayoiona. (Makosa madogo ya kanuni, kama yale ya barabarani, mara nyingi hayahitaji nia.) Madai hayakwami hapo. Uzembe wa kawaida unatosha: ulikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari, hukuchukua, mtu akaumia kwa sababu hiyo. Huo wajibu ndio uliojengwa mwaka 1932 katika Donoghue dhidi ya Stevenson, ile ya konokono kwenye chupa ya kinywaji. Mwenye kiwanda hakukusudia kumdhuru mtu, na hakuna aliyetaka afungwe.

Turudi kwenye lori, maana hapa ndipo tofauti zinapoonekana kwa macho. Mwajiri wa dereva analipa fidia kwa kosa la mfanyakazi wake lililotendwa kazini, lakini hafungwi kwa niaba yake. Bima inaweza kulipa fidia. Hakuna bima ya kwenda jela. Mwendesha baiskeli akikubali suluhu na kusamehe, shauri la madai limekwisha, ila mashtaka si yake kuyafuta. Kama naye alipita taa nyekundu, fidia yake inaweza kupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake, lakini uzembe wake peke yake haumfutii dereva jinai. Na dereva akifariki kabla ya hukumu, kesi ya jinai inakufa naye, huku dai kwa kawaida likiendelea dhidi ya mirathi yake.

Lugha. Mwalimu alikasirika kidogo hapa, na nadhani ana haki. Mdaiwa "hapatikani na hatia" ya kuvunja mkataba, wala "hashtakiwi" kwa deni. Hatia, mashtaka, kutiwa hatiani na adhabu ni maneno ya jinai. Kwenye madai sema mdai, mdaiwa, dhima, fidia, tuzo. Ameahidi kukata alama kwenye mtihani.

Swali la semina ya Alhamisi: dereva wetu ametiwa hatiani kwa uendeshaji wa hatari. Je, mwendesha baiskeli anaweza kuipeleka hukumu hiyo kwenye shauri la madai kama ushahidi? Kidokezo: soma Hollington dhidi ya Hewthorn ya mwaka 1943, iliyosema haiwezekani, kisha kifungu cha 11 cha Sheria ya Ushahidi wa Madai ya Uingereza ya mwaka 1968, kilichoigeuza. Halafu geuza swali: kama dereva angeachiwa huru, kuachiwa kwake kungemsaidia kwenye madai? Mimi nasema hapana, lakini jirani yangu wa kiti cha mbele hakubali, kwa hiyo njooni na hoja.