Gharama ya msanifu mpya: tunachotoa na anachopokea

Kwa: Mkurugenzi, karakana ya samani, Keko
Kutoka: Mhasibu
Tarehe: 18 Machi 2024

Shikamoo Mama. Uliniambia niandae hesabu ya msanifu tunayetaka kumwajiri kuanzia 1 Aprili. Wewe ulitaja milioni moja na laki mbili. Yeye kwenye usaili alisema anataka milioni moja "mkononi". Mnaweza kudhani mmekaribiana, kumbe kila mmoja anataja namba ya aina yake.

Kwa mshahara ghafi wa 1,200,000, mwezi mmoja unakuwa hivi (shilingi):

| Kipengele | Kiasi |
|---|---|
| Mshahara ghafi | 1,200,000 |
| NSSF yetu, 10% | 120,000 |
| SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, 3.5% | 42,000 |
| WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, 0.5% | 6,000 |
| Jumla tunayotoa | 1,368,000 |
| NSSF yake, 10% | 120,000 |
| PAYE | 152,000 |
| Anachopokea | 928,000 |

PAYE haikatwi kwenye ghafi. Kwanza inatolewa NSSF yake, inabaki 1,080,000. Kodi ya milioni ya kwanza ni 128,000, na zile 80,000 za juu yake zinatozwa 30%, yaani 24,000.

Kwa hiyo kati ya mfuko wetu na mfuko wake kuna 440,000, sawa na 32.2% ya tunachotoa. Naomba usizihesabu zote kuwa kodi. NSSF ni 240,000 kwa pande zote mbili, na hiyo ni akiba ya pensheni yake. Kodi na tozo ni 200,000, ambayo ni 14.6%. Tofauti hii nataka aelezwe na yeye pia, maana vijana wengi wanaiona NSSF kama hela iliyopotea.

Sasa jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Sisi leo tuko tisa. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi ndiye anayelipa SDL, na akishafika hapo anailipa kwa mishahara ya wote, si ya yule wa kumi peke yake. Mishahara ghafi ya tisa tulionao ni 5,400,000 kwa mwezi, kwa hiyo SDL yao itakuwa 189,000 ambayo Machi hii hatuilipi. Ukiiweka kwenye hesabu ya msanifu, kuingia kwake kunatugharimu 1,557,000, naye anaondoka na zilezile 928,000. Pengo linafika 40.4%. Haya si makosa yake na yasimpunguzie mshahara, lakini bajeti ya karakana lazima iyajue kabla hatujasaini.

Kuhusu milioni mkononi. Zinapungua 72,000, na ni rahisi kusema tuongeze hizo yaishe. Lakini kila shilingi 100 ya nyongeza ya ghafi kwenye ngazi hii inakatwa 10 ya NSSF na 27 ya PAYE, anabaki na 63, huku sisi tukitoa 114. Ili apate milioni kamili, ghafi iwe 1,314,286 na jumla yetu 1,498,286, mbali na ile SDL ya wenzake. Nyongeza yake ya 72,000 inatutoka 130,286.

Kuna njia ambayo watu hapa mtaani wanaipendekeza: kuandika mshahara mdogo, kinachobaki apewe taslimu kama posho. Mimi sitaiandaa hesabu hiyo. Posho ya taslimu ya kila mwezi nayo ni mapato ya ajira na inatozwa kodi, na kibaya zaidi tutakuwa tumempunguzia pensheni na fidia yake akiumia kwenye mashine.

Jambo la mwisho linamhusu yeye. Alisema alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi. HESLB ni 15% ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwenye 1,200,000 itakatwa 180,000 na atapokea 748,000. Hilo ni deni lake, sikuliweka kwenye pengo, wala halibadilishi gharama yetu. Ila tukinyamaza, mwisho wa Aprili ataona tumemdanganya.

Ushauri wangu: tumpe ghafi ya 1,250,000. Atapokea 959,500 kabla ya mkopo, nasi tutatoa 1,425,000, na juu yake ile 189,000 ya SDL ya wenzake. Barua ya ajira ionyeshe ghafi, makato yote na kinachobaki, asaini akiwa ameviona.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa ili nimsajili NSSF na WCF mapema. PAYE na SDL ya Aprili inatakiwa iwe imefika TRA ifikapo 7 Mei.