Mngojezi

Nilifika Kisauni siku ya Ijumaa jioni, nikamkuta Nyanya ameketi barazani, uso ameuelekeza barabarani kana kwamba anaiona. Haikuwa kweli. Ukungu ulikuwa umeyafunika macho yake yote mawili, na Jumatatu asubuhi nilitakiwa kumpeleka hospitali akafanyiwe operesheni ya jicho la kuume. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipapasa uso tangu paji hadi kidevu, kisha akasema, "Umekonda. Ndoo ndani, kuna muhogo wa nazi." Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu nimtembelee mara ya mwisho, wala hakuitaja.

Baada ya chakula aliniomba jambo moja tu. Marehemu baba yake, ambaye alikuwa mwalimu wa kanisa hapo Frere Town, alikuwa na desturi ya kusoma zaburi kila mtu wa nyumba yao alipokuwa anasafiri, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya kuvuka maji tu kwenda mjini. Alikuwa akisimama mlangoni, kitabu mkononi, na msafiri hatoki mpaka isomwe hadi mwisho. Nyanya alitaka isomwe Jumatatu kabla hatujatoka. Kitabu chenyewe kilikwisha kuliwa na mchwa zamani, na maneno, alisema, yamebaki kichwani mwake vipande vipande, kama gae la mtungi.

Niliitambua mara moja kuwa ni Zaburi ya 121, nikaifungua kwenye simu na kumsomea kwa sauti ya taratibu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Ni mazuri," akasema, "lakini hayo ni maneno ya redioni. Siyo yenyewe."

Inanipasa nieleze hapa, kwa ajili ya msomaji ambaye hakulelewa pwani, kwamba Nyanya yangu hana Kiswahili kingine ila Kimvita cha wazee wake, lahaja ya Mombasa. Hakusoma shule. Alizaliwa mwaka 1933, miaka mitano baada ya mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, ambao uliamua kwamba Kiswahili cha vitabu na cha shule kitokane na lugha ya Unguja. Biblia iliyofuata mkondo huo ilipokamilika mwaka 1952, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na baba yake aliendelea kusoma kile kitabu chake cha zamani, cha Kimvita, mpaka alipokufa. Kwake yeye nchi ni nti, njia ni ndia, njoo ni ndoo, kuacha ni kuwata. Mhubiri kijana anaposoma kanisani, Nyanya husikia sauti na kufuata maana kwa mbali, lakini maneno hayamgusi moyo. Mimi ninasomea fasihi ya Kiswahili chuoni Nairobi, na nilimwambia kwa kujiamini kwamba nitamgeuzia zaburi yote kabla ya Jumapili.

Usiku huo niliketi chini ya taa ya sebuleni na daftari. Kazi niliyoifanya ilikuwa ya kubadilisha herufi. Palipokuwa na macho niliandika mato, mchana nikaufanya mtana, na maneno yaliyoonekana kwangu kuwa magumu niliyalainisha, ili mzee asipate taabu. Uvuli niliugeuza kivuli. Mkono wa kuume niliuita mkono wa kulia. Nililala nikiwa nimeridhika.

Asubuhi nilimsomea. Kwenye mato alitabasamu. Tulipofika mahali ambapo Mola anaitwa kivuli, alinishika mkono akaukaza.

"Kivuli cha nani?"

"Cha Mola, Nyanya. Kwamba anakukinga na jua."

"Hicho si kivuli, mwanangu. Kivuli ni cha mtu, kinamwandama na hakina mwili. Waliokufa ndio wana vivuli. Ukitoka juani ukakaa tini ya mwembe, pale ulipokaa ni uvuli. Mola atakuwaje kivuli?"

Nilitazama simu. Tafsiri niliyoidharau ilikuwa imeandika uvuli wakati wote, nami nililifuta neno sahihi kwa kudhani kwamba ni la kizamani. Nikalirudisha. Nikaurudisha na mkono wa kuume, baada ya Nyanya kunieleza kwamba mkono wa kulia ni wa tonge, ilhali wa kuume ni ule mtu anaoshikia silaha, na Mola hakusimama hapo kwa ajili ya chakula.

Tulishinda siku nzima ya Jumamosi katika kazi hiyo, mimi na daftari langu, yeye na ukili aliokuwa akiusuka kwa vidole pasipo kuutazama. Neno msaada alilikataa. Msaada, alisema, ni unga unaogawanywa wakati wa ukame, watu wakapangwa foleni na kuandikwa majina. Baba yake alikuwa akisema auni. Nilimuuliza tofauti ni ipi, akafikiri kwa muda mrefu, vidole vimesimama. "Msaada wapawa," akasema. "Auni yaja yenyewe, ikakusimamia."

Halafu tukafika kwenye milima, nami nikakosea tena, kwa sababu niliona neno hilo halina shida yoyote na nikataka kulipita.

"Ni vilima," akasema Nyanya. "Baba alisoma vilima."

Nilimweleza kwamba milima ya zaburi ni ile ya Yerusalemu, ambako watu walikuwa wakipanda kwenda hekaluni, na kwamba vilima ni vidogo mno kwa jambo kubwa namna hiyo. Hakubishana nami. Aliinua mkono wake, akaunyoosha upande wa machweo, juu ya mabati ya jirani na nguzo za umeme.

"Kule kuna nini?"

"Rabai," nikasema.

Nilikuwa nimeisoma habari ya Rabai katika vitabu: misheni iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846, na watoro wa utumwa waliokimbilia huko kutoka mashamba ya pwani, hata mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya elfu moja na mia nne wakapewa hati zao za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Niliijua kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba bibi mzaa mama wa Nyanya alikuwa miongoni mwao. Alikuwa msichana bado, Nyanya akanisimulia, na katika shamba alilokuwa akilima, mtu alipoinua kichwa kutoka kwenye jembe aliviona vile vilima, vya buluu asubuhi, vyeusi jioni. Kila mtumwa shambani alijua kwamba ukifika kule hukamatwi. Kila mtumwa alijua pia kwamba waliojaribu walirudishwa wamefungwa. Kwa hiyo walikuwa wakivitazama bila kusema neno, siku baada ya siku, kila mmoja na swali lake moyoni. Usiku mmoja akaondoka.

"Baadaye alipokuja akasomewa," Nyanya akasema, "alilia. Akamwambia mwalimu, maneno haya niliyasema mimi kabla sijayasikia."

Niliandika vilima. Niliandika kwa mkono uliokuwa hautulii vizuri, na nikaacha mstari mmoja mtupu chini yake, kwa kuwa sikuweza kuendelea wakati ule ule.

Neno la mwisho lilitusumbua mpaka usiku. Katika zaburi ile fupi, kulinda kunarudiwa tena na tena, na mlinzi ndiye nguzo yake. Lakini Nyanya, kila nilipotamka mlinzi, aliona yule kijana wa getini kwa jirani, mwenye sare na rungu, ambaye husinzia kwenye kiti cha plastiki tangu saa tano. Alijua kwamba baba yake alikuwa na neno lingine. Alilitafuta. Alinung'unika mistari kwa sauti ya chini, akaanza upya, akakwama mahali pale pale. Nilimtajia mhifadhi, akakataa. Nikamtajia mchunga, akasema huyo ni wa mbuzi.

Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari aliposema, gizani, kutoka kitandani kwake, "Mngojezi."

Niliketi. Nilikuwa nimekutana na neno hilo mara moja katika kamusi ya zamani, nikalipita. Nilimwomba anieleze.

"Mpunga ukikomaa, mtoto hupelekwa shambani akaungojee, ndege wasiule. Hana la kufanya ila kukaa, na kutazama, na kutoondoka. Huyo ndiye mngojezi. Na mgonjwa pia hungojewa. Mama alinisalia nilipokuwa na surua, akaningojea siku saba."

"Kwa hiyo ni kulinda, au ni kusubiri?"

"Wayatenga ya nini?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka jinsi nilivyomkuta barazani, ameelekea barabara ambayo haioni, na jirani aliyeniambia nilipokuwa ninateremka kwenye tuktuk kwamba bibi huketi pale kila Ijumaa, kwa sababu zamani Ijumaa ndiyo siku niliyokuwa nikifika nikitoka shule ya bweni.

Jumatatu tuliamka saa kumi na moja. Alivaa leso mpya, akasimama mlangoni akiwa ameshika fremu kwa mkono mmoja, nami nikasimama mbele yake na daftari, mahali alipokuwa akisimama baba yake. Nikasoma:

"Nayainua mato yangu, natazama vilimani: auni yangu yatoka wapi? Auni yangu yatoka kwa Mola, mwenye kuumba mbingu na nti. Hatouwata mguu wako uteleze, hatosinzia mngojezi wako. Naam, hatosinzia wala hatolala, mngojezi wa Israeli. Mola ndiye mngojezi wako, Mola ni uvuli wako, mkono wako wa kuume. Jua halitokupiga mtana, wala mwezi usiku. Mola atakungojea na kulla ovu, ataingojea roho yako. Mola atakungojea utokapo nde na uingiapo ndani, tangu hivi sasa hata milele."

Kuanzia neno auni hakunisikiliza tena. Alikuwa akisema pamoja nami, mbele yangu kidogo, na mahali pawili alisema tofauti na nilivyoandika, nami nikamfuata yeye.

Hospitalini walimvika gauni la kijani, wakamtia matone jichoni. Muuguzi aliniambia kwamba jamaa hawaruhusiwi kuvuka mlango ule, na kwamba kazi haitachukua muda mrefu. Nilipouachia mkono wake, Nyanya aligeuza uso.

"Wenda wapi?"

"Nde hapo tu, Nyanya," nikasema. "Nakungojea."

Alinyamaza kidogo, akilipima neno kama anavyopima chumvi.

"Haya," akasema. "Ningojea."