Kiganja cha Bibi

Bibi hapimi. Chumvi anaimwaga kwenye kiganja, anakikunja kidogo kama aliyeshika kifaranga, kisha anaitupia sufuriani huku akiongea na mtu mwingine. Tangu utotoni niliamini kiganja kile hakikosei.

Zilibaki wiki mbili kabla ya sikukuu. Nilikuwa nimerudi likizo nikiwa mwaka wa 3 wa udaktari, na kipimo cha presha kwenye begi. Nilimpima asubuhi, nikarudia baada ya kumpumzisha, kisha kesho yake tena. 158 kwa 94. Siku ya pili hakukuwa na tofauti kubwa.

"Bibi, tupunguze chumvi."

"Imefanya nini?"

"Inazuia maji mwilini. Maji yakizidi kwenye mishipa, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi."

"Na chakula kisicho na chumvi? Kinasukuma watu wakale kwa jirani." Akacheka, akanipiga begani. "Haya, mume wangu. Ingia jikoni uponye watu."

Nikaingia. Nilikata kila kitu kwa siku moja: chumvi nusu, mafuta kijiko kimoja, vidonge vya supu nje, sukari ya keki nusu. Mchuzi wa nyama ulitoka chapwa, nyama inaelea kwenye maji mekundu. Keki ilivunjika kama udongo wa kiangazi. Bibi alikula vijiko viwili, akafuta mdomo, akasukuma bakuli taratibu. Heri angenigombeza.

"Mjukuu wangu," alisema, "babu yako aliondoka akiusifu mchuzi huu. Usimzike mara ya pili."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimwomba kitu kimoja tu: apike kama anavyopika siku zote, mimi nisiseme neno, nipime tu. Nikaweka mizani ya jikoni pembeni. Kila kiganja cha chumvi kilipita kwanza kwenye kibakuli changu. Cha kwanza gramu 13. Cha pili 15. Kabla ya kufunika akaonja, akakunja uso, akaongeza cha tatu. Jumla gramu 41, kwa sufuria ya watu 12, na vidonge viwili vya supu juu yake, ambavyo navyo sehemu kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Hapa kila mtu angepata zaidi ya gramu 3 kwenye mchuzi peke yake, wali bado.

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, nikanyamaza. Nikaenda kutafuta daftari la mama.

Mama aliliandika akiwa msichana, akisimama kando ya Bibi kila sikukuu. Kurasa zimekuwa ngumu kwa mafuta, wino umesambaa, lakini mstari ule ulisomeka: *Chumvi, vijiko 3 vya chai.* Nilipima vijiko vitatu. Gramu 17.

"Mama yako alikosea kuandika," Bibi alisema.

Tukampigia mama. "Sikukosea," alisema. "Nilikuwa namzuia mkono kabla hajaitupa, naipima kwanza. Alinifukuza jikoni mara ngapi kwa sababu hiyo!"

Bibi hakusema kitu. Ningechota mchuzi kidogo kabla ya kile kiganja cha tatu, lakini nilikuwa nimechelewa. Basi nikapika sufuria ndogo kwa kipimo cha daftari, nikaweka bakuli mbili mezani, nikamwita binamu yangu mdogo wa miaka 7. Alionja ya kwanza, akakimbilia maji. "Hii chumvi tupu!" Ya pili akaimaliza.

Bibi alionja zote mbili. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa sawa kwake.

Nilimweleza polepole, kwa sababu nilijua neno hili lina uzito. Ulimi unapungua makali kadiri umri unavyokwenda, na pua pia, na dawa nyingine zinageuza ladha. Haitokei siku moja. Mtu anaongeza punje leo, punje mwakani, na hakuna anayethubutu kumwambia. Sisi wote tulikuwa tukila na kunywa maji mengi.

Aligeuza kiganja chake, akakitazama kama barua iliyoandikwa na mtu mwingine.

"Kwa hiyo mchuzi wa babu yako ni huu wa daftari," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Bibi."

"Mbona bado haujafika? Una chumvi yake, lakini haujafika."

Alikuwa na haki. Hata mimi nilisikia pengo. Akaniambia nisome mistari mingine. Vitunguu: *mpaka viwe rangi ya tende.* Bibi akashusha pumzi. Miaka hii alikuwa anaviacha vikiwa vyeupe, kwa sababu magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu. Mahali pa vitunguu alikuwa ameziba kwa vidonge.

Hapo ndipo tukaanza kupika kweli. Yeye kwenye kigoda, mimi na mwiko. Dakika 40 za vitunguu, moto mdogo, tone la maji vikianza kushika chini. Nyama nilitaka kuimwaga yote, akanizuia: vipande vichache kwa wakati, vikaangike upande mmoja bila kuguswa, maana vikijazana vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kisha binzari nyembamba, iliki na mdalasini kwenye mafuta moto, kwa muda wa kuhesabu mpaka 20. Nikamwambia harufu ya viungo huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana mafuta yangu ya kijiko kimoja yaliniangusha. "Hilo tulilijua," akasema, "hatukujua lina sababu." Mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, ndimu. Uchachu unaamsha chumvi kidogo iliyopo.

Shangazi alitaka kuleta ile chumvi maalumu ya wenye presha. Nilikataa mpaka daktari wa Bibi aseme, kwa sababu ina potasiamu, na baadhi ya dawa za presha zinaizuia potasiamu isitoke mwilini. Ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo.

Keki ilituchukua majaribio matatu. Sukari hushika unyevu, kwa hiyo tuliishia kupunguza robo tu, tukaponda ndizi mbili zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa, tukaongeza kungumanga. Mjomba, ambaye ana kisukari, nilimwambia wazi kuwa ndizi nayo ina sukari, kipande chake kiwe chembamba na wali upungue. Alikubali kwa shingo upande.

Siku ya sikukuu mjomba alimega mkate, akachovya, akatulia. Akachovya tena.

"Mama," alisema, "huu ni ule wa wakati wa baba."

Bibi hakujibu. Alikuwa amekaa pembeni yangu na nilikuwa nimeiona sahani yake: kwa ulimi wake chakula kilikuwa bado kimepooza, akakikamulia ndimu, kisha tena, na mkono haukwenda kwenye chumvi. Alikula chote.

Jioni, sufuria ya pili ilipokuwa jikoni kwa ajili ya wageni wa usiku, nilimsikia akiita kutoka kwenye kigoda. Nilidhani ananiita mimi. Alikuwa anamwita yule mdogo, kijiko mkononi, anakipuliza kipoe.

"Njoo uonje, mwanangu. Niambie ukweli."