Muhtasari wa mahubiri ya jumapili: Pembe za Shamba

Bwana Yesu asifiwe wapendwa wa jumuiya ya Uyole. Notsi za mchungaji zilikuwa kurasa nane na zimeruka ruka, nimezipanga upya ili alhamisi tusome pamoja. Maneno ni yake, mpangilio tu ndo wangu.

Somo kuu: Walawi 19:9-10, Ruthu 2:1-17
Ya kusaidia: Kumbukumbu la Torati 24:19, Walawi 19:13, 35-36

1. Pembe ya shamba ina mwenyewe
Mungu anakataza kuvuna mpaka pembeni, na mganda ukiusahau shambani usirudi kuufata, ni wa mgeni, yatima na mjane. Sio sadaka unayoamua ukijisikia, ni sheria, maskini anaingia anaokota mwenyewe bila kuomba omba mlangoni kwa mtu. Hapa mchungaji alikaa sana na mimi naona ndo moyo wa somo lote.

*Tufanye nini:* mahindi na viazi tunavyovuna sasa hivi, tuache mistari miwili ya mwisho, na tuwaambie wajane wa mtaani mapema kabla hatujaachia ng'ombe waingie, maana ukishaachia ng'ombe hamna tena cha kuokota.

2. Boazi alizidisha
Sheria ilimtaka aache masazo tu. Yeye akamwita Ruthu wale pamoja (2:14), akawaambia vijana wadondoshe masuke makusudi (2:16), na kabla ya hayo yote alishawakataza wasimguse (2:9). Jioni Ruthu akapura akapata kama efa moja ya shayiri, yaani debe na kidogo, kwa siku moja!

*Tufanye nini:* mabinti wanaokuja kibarua cha kupalilia na kuvuna, mwenye shamba ndo anawajibika na usalama wao. Usiseme hukuwepo, weka mtu mzima unayemwamini. Na chakula cha mchana wale walichokula wenye shamba, sio makoko ya sufuria.

3. Kipimo cha haki
Sura ile ile ya masazo inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi (mst. 13) na inadai efa ya haki (mst. 36). Lumbesa imo humo humo, wote tunaijua.

*Tufanye nini:* kibarua alipwe jioni ile ile. Gunia lipimwe kwenye mizani, na sisi tunaonunua vijijini tusidai lile rundo la juu.

Maswali ya alhamisi
- Jirani gani anaokota masalia kwako na hujawahi kumuuliza jina?
- Nani tunadaiwa naye kibarua cha msimu uliopita?

Hilo la pili naanza mimi, kuna mama nilimlipa nusu mwezi wa nne, nampelekea kesho. Tunakutana saa kumi na moja jioni, mje na Biblia na debe tupu moja kwa kila nyumba, tunaanza kukusanya mahindi ya wale wazee wawili wasioweza kwenda shambani.