Barua kwa Mzee Kombo: suruali ya kijivu ya kupunguza

Konde, Jumatatu

Mzee wangu Kombo,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo. Sisi huku wazima, alhamdulillah, na mama watoto anakusalimu. Bado anaisifu ile kanzu uliyonishonea ya harusi, ingawa mwenye kuivaa sasa ni mdogo wangu.

Kijana aliyekuletea mkoba huu ni mpwa wangu, ni utingo wa gari ya Konde na Chake. Ndani zimo suruali mbili. Ya kijivu ndiyo ya kazi. Nyeusi nimeileta uifuatie, na nitaeleza wapi uifuate na wapi usiifuate.

Ya kijivu kaniletea kaka yangu kutoka Maskati. Kitambaa kizuri, hakishiki mikunjo, lakini kaka kanunua kwa kujipimia yeye, nawe unamjua alivyo. Mimi nikiivaa inapwaya kama gunia la karafuu lililotiwa pishi mbili. Mkanda nikiukaza, kiuno kinajikunja mbele mithili ya marinda ya gauni, na miguu inaburuza chini. Kwenda nayo msikitini siwezi.

Jana usiku mama watoto kanipima kwa futi yake, mara mbili, maana mara ya kwanza alisema nimevuta tumbo ndani. Suruali nayo tukaitandika mezani tukaipima. Vipimo vyote vya kuzunguka nilivyoandika ni vya duara zima, si nusu ya kulazwa mezani:

Kiuno: sasa 38, nataka 34.
Nyonga, pale penye upana zaidi: sasa 45, nataka 42.
Paja, chini kidogo ya maungio: sasa 28, nataka 26.
Goti: sasa 22, nataka 19 na nusu.
Mdomo wa mguu: sasa 19, nataka 16.
Urefu wa nje, toka juu ya kiuno: sasa 43. Mguu wa kushoto nataka 40 na nusu, wa kulia 40.
Urefu wa ndani: sasa 32. Kushoto 29 na nusu, kulia 29.

Zote ni inchi. Na hiyo miguu miwili sikukosea kuandika, Mzee wangu. Unakumbuka nilivyoanguka mkarafuuni, tawi likanikatikia mkononi? Mfupa uliunga, lakini mguu wa kulia ulibaki mfupi kwa nusu inchi. Mtu akinitazama haoni, suruali ndiyo inayoona. Hii nyeusi nilishonewa na fundi mwengine wa huku, nikamwambia habari ya mguu, akacheka, akasema miguu ya binadamu yote sawa. Kakata sawa kwa sawa. Siku ya kwanza kuivaa skuli nilikanyaga pindo la kulia kwenye ngazi, mbele ya darasa la tano zima. Basi tafadhali, kabla ya kukata, andika kwa chaki ndani ya kila mguu: K wa kulia, S wa kushoto. Kulia na kushoto kwa mvaaji, si kwa anayeitazama mezani.

Kwenye kiuno nina wasiwasi mmoja. Najua kupunguza kwa mshono wa nyuma ndiko kwepesi, lakini ukila inchi 4 zote pale, mifuko ya nyuma itasogeleana mpaka igusane, na vitanzi vya mkanda vitakwenda upande. Mimi nilifikiri hivi: nyuma utoe inchi 2 na nusu kiunoni, zishuke mpaka inchi 1 na nusu kwenye nyonga, kisha kila ubavu utoe robo tatu ya inchi toka kiunoni mpaka nyongani. Hapo zinatimia 4 juu na 3 chini. Ubavuni kuna mifuko ya mshazari, najua ni kazi ya kufumua mshipi wa kiuno na kuurudisha. Kama wewe una njia bora, fuata yako, ilimradi ile 34 ipatikane na mifuko ikae sawa. Kitanzi cha katikati ya nyuma kirudi juu ya mshono wake.

Kitambaa kinachobaki ndani usikikate. Kiache angalau inchi moja kila upande, ukipige ovaloki tu. Nilipungua kwa sababu daktari kaniamrisha niache sukari na wali wa usiku. Sijui nitavumilia mpaka lini, na mama watoto anapika vizuri.

Miguu, toka goti kushuka, punguza nusu mshono wa ndani na nusu wa nje, ili ule mstari wa pasi ubaki katikati. Ukitoa upande mmoja tu mguu utapinda, kama ile suruali ya shemeji yangu, akitembea goti linaelekea Wete na kidole kinaelekea Micheweni. Pajani toa mshono wa ndani peke yake. Usiibane zaidi ya hapo, lazima nirukuu na nisujudu bila kusikia uzi unalia.

Urefu nimepimwa nimevaa viatu vyeusi vya kamba, ndivyo nitakavyovaa siku ya mahafali ya binti yangu. Suruali ifike kwenye kifundo, isikifunike. Sasa hivi kuna pindo la inchi 1 na nusu na nusu nyengine imekunjwa ndani. Nataka pindo jipya liwe la inchi 2, na nusu ya kukunja. Kwa hesabu yangu mguu wa kushoto utakatwa inchi 2 tu na wa kulia 2 na nusu, usizidishe hata kidogo. Na kwa kuwa mguu unazidi kuwa mwembamba kwenda chini, sehemu inayokunjwa ndani iachie upana kidogo, isije ikavuta kitambaa cha nje. Lishone kwa mkono, uzi usionekane nje.

Nyeusi ifuate kwenye kiuno na mapaja, hapo inanikaa vizuri. Urefu wake usiufuate kabisa. Ukipata nafasi, huo mguu wake wa kulia unipandishie nusu inchi, niache kujikwaa.

Bandi upige kwanza, mashine baadaye. Mimi nitateremka Chake Alhamisi baada ya alasiri, niivae hapo hapo dukani kwako, na viatu vyangu nitakuja navyo. Nitalala kwa shemeji, na Ijumaa asubuhi nashuka Mkoani kupanda boti. Binti yangu mkubwa anahitimu Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mahafali Tunguu, ualimu kama baba yake. Keshaniambia kwa simu: "Baba, usije na ile suruali ya kufungia kamba." Kwa hiyo Alhamisi isipowahi, nitakwenda na kanzu, na yeye atasema baba kakimbia.

Mpwa wangu nimempa shilingi elfu kumi za kuanzia. Zinazobaki uniambie siku hiyo, na usiniangalie ujamaa, kazi ya kufumua kiuno naijua ni nzito. Kifungo kimoja cha mfuko wa nyuma kimelegea, kikaze. Kama kuna kipimo kinakutia shaka, usikate, nipigie baada ya saa nane mchana nikitoka skuli.

Nisalimie Bi Mkubwa na watoto.

Wako,
Mwalimu Faki
Konde, Pemba