Orodha ya Kujikagua kwa Mwalimu Anayefundisha Juu ya Dini Yake Mwenyewe

Orodha hii ni ya walimu wa somo la dini na la uraia katika shule yetu ya sekondari, hapa Kampemba, Lubumbashi. Muhula huu darasa la tatu na la nne watasoma juu ya Kanisa Katoliki, makanisa ya Kiprotestanti, Kanisa la Kimbangu na Uislamu, na karibu kila mmoja wetu atafika kwenye somo linalohusu mahali anaposali mwenyewe. Kila mwalimu aisome peke yake anapoandika fishi ya matayarisho, kisha airudie baada ya somo. Mimi ni Mkatoliki, na ndiyo sababu mifano mingi inaugusa upande wangu.

Haiombwi hapa kwamba mwalimu aifiche imani yake, wala aizungumzie kwa ubaridi kama kitu asichokijua. Linaloombwa ni kwamba mwanafunzi wa dini nyingine atoke darasani akiwa amejua vizuri zaidi, bila kusukumwa, na kwamba mwanafunzi wa dini ya mwalimu asitoke akiwa amepewa upendeleo. Ibara ya 1 ya Katiba ya 2006 inasema kwamba Jamhuri yetu haina dini, na ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Hata katika shule zinazosimamiwa na makanisa kwa mapatano ya 1977 na Serikali, mtoto anayeketi mbele yetu ana uhuru huo.

Wakati wa matayarisho

1. Je, nimeandika ni nani anayeamini jambo ninalolifundisha? Katika fishi, sentensi «mkate unakuwa mwili wa Kristo» na sentensi «Wakatoliki wanaamini kwamba mkate unakuwa mwili wa Kristo» hazifanyi kazi moja. Ya kwanza ni ya katekesi, na mahali pake ni parokiani. Ya pili ndiyo ya darasani. Tena, nikiandika «wanaamini» kwa dini yangu na «wanadai» kwa dini ya jirani, nimekwisha kutoa hukumu kabla ya kuingia darasani.

2. Je, nimehakikisha ninayosema juu ya wengine kwa bidii ileile ninayotumia kwa mambo yangu? Hapa ndipo tunapoanguka zaidi, kwa sababu ya kwetu tunayajua tangu utoto na ya wengine tumeyasikia barabarani. Chukua ubatizo. Mkatoliki huzoea kusema kwamba Waprotestanti hawabatizi watoto wachanga, ilhali Wamethodisti, ambao ni wengi Katanga, wanawabatiza. Makanisa ya Kipentekoste na yale yaliyotokana na misheni ya Garenganze, iliyoanza Bunkeya 1886 alipofika Frederick Stanley Arnot, hungoja mtu aikiri imani yake mwenyewe. Wakimbangu nao hawatumii maji katika ubatizo. Mwalimu anayewaweka hawa wote katika fungu moja la «wasio kama sisi» hajafundisha dini yoyote, hata yake mwenyewe, kwa kuwa wanafunzi hawataona mahali ambapo mafundisho ya Wakatoliki yanakutana na ya wenzao na mahali ambapo yanaachana.

3. Je, historia ya dini yangu nimeisimulia yote? Ni rahisi kwangu kusimulia maandamano ya Wakristo ya tarehe 16 Februari 1992 kule Kinshasa, ambapo waumini walidai Mkutano Mkuu wa Kitaifa ufunguliwe tena na askari wakawafyatulia risasi. Lazima niyasimulie. Lakini lazima niseme pia kwamba kwa mapatano ya 1906 kati ya Vatikano na Dola Huru ya Kongo misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, na kwamba shule za Waprotestanti zilingoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kupata msaada wa fedha ambao zile za Wakatoliki zilikuwa zikiupata. Vivyo hivyo, katika mji huu ambamo Simon Kimbangu alifungwa tangu alipohukumiwa 1921 hadi kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951, haifai somo la Wakimbangu lifupishwe kwa kisingizio kwamba muda umekwisha.

4. Je, nimeanguka upande wa pili? Wako walimu ambao, kwa kuogopa kuonekana wanapendelea, huidharau dini yao mbele ya darasa au huipitia mbiombio. Mwanafunzi Mkatoliki naye ana haki ya kusikia Ukatoliki ukielezwa kwa uzito, pamoja na sababu ambazo Wakatoliki wenyewe wanazitoa, kwa mfano tofauti wanayoiweka kati ya kumheshimu Bikira Maria na kumwabudu Mungu.

Mbele ya wanafunzi

5. Je, nimesema «sisi» nikimaanisha kanisa langu? Katika darasa, «sisi» ni watu wote waliomo ndani.

6. Mwanafunzi akiuliza, «Mwalimu, wewe unasali wapi?», nitajibuje? Nashauri jibu la kweli na fupi: «Ninasali kwa Wakatoliki, na leo tunajifunza wanachoamini wao na wanachoamini wengine.» Kisha somo liendelee. Anayekwepa swali hilo huwafanya watoto watafute jibu kwenye kila neno lake, na anayelijibu kwa nusu saa amegeuza somo kuwa ushuhuda.

7. Je, nimemfanya mtoto yeyote kuwa msemaji wa dini yake? Kumwambia Mwislamu wa pekee darasani «simama utueleze kwa nini mnafunga» ni kumbebesha mzigo usio wake. Akitaka mwenyewe kusema, asikilizwe. Asipotaka, ni kazi ya mwalimu kueleza.

8. Je, sala ya kufungua somo imekuwa kipimo? Anayenyamaza wakati wengine wanafanya ishara ya msalaba asitazamwe, wala asiulizwe.

9. Mwanafunzi akiikosoa dini yangu, sauti yangu imebadilika? Nimpe nafasi ileile ambayo ningempa kama angeikosoa dini nyingine, na mpaka uleule: hoja inaruhusiwa, tusi haliruhusiwi, liwe la upande wowote.

Wakati wa jaribio na alama

10. Je, swali langu linaweza kujibiwa vizuri na mtu asiyeamini? «Eleza kwa nini ni vema kuungama kwa padri» linadai imani. «Eleza maana ambayo Wakatoliki wanaipa kitubio, na utaje jinsi Waprotestanti wanavyoelewa msamaha wa dhambi» linadai maarifa, na maarifa ndiyo tunayoweza kuyapa alama.

11. Je, nimelinganisha alama? Baada ya kusahihisha, niweke pembeni karatasi tano za watoto wa kanisa langu na tano za wengine, nifunike majina, nisome upya. Nikiona kwamba jibu lilelile limepata pointi zaidi kwa sababu limetumia msamiati wa parokiani, nirekebishe alama kabla ya kurudisha karatasi.

12. Je, tarehe ya jaribio inamzuia mtu? Tunafundisha pia Jumamosi, na Waadventista hushika siku hiyo kama Sabato. Jaribio la somo la dini lisiwekwe Jumamosi wala siku ya Idi.

Palipo na jibu baya kwenye namba 2, 3 au 10, fishi iandikwe upya na ipelekwe kwa mwalimu wa dini nyingine aisome kabla ya somo. Kwangu mimi atakuwa mwenzangu Mmethodisti wa darasa la nne, na yake nitaisoma mimi. Mzazi akileta lalamiko, mwalimu ampokee pamoja na prefe wa masomo, amwonyeshe fishi hiyo na daftari la mtoto, na amsikilize hadi mwisho kabla ya kujibu.