Kesi ya kiti namba 14 imekwisha. Hongereni Naku na Eli!

Haya, mlionijazia inboksi tangu jana mkiuliza ule mkono kwenye status yangu ni wa nani: ni mkono wa Nakundwa. Na kile kinachong'aa ni pete ya uchumba, yenye kijiwe cha tanzanaiti cha Mirerani, kidogo kama punje ya mtama lakini ukikisogeza juani kinakuwa bluu, mara zambarau. Naku alipovishwa, neno la kwanza lililomtoka halikuwa "nakupenda". Alimwinamia Eli akamnong'oneza, "Umenunua bei gani?" Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimesikia kwa masikio yangu. Mpare ni Mpare.

Barua ya posa ilipelekwa Usangi tangu mwezi Mei. Jumamosi hii, tarehe 12 Julai, wazee wa Marangu wamepanda mlima kufuata majibu, na majibu ni NDIYO. Rafiki yangu, dada yangu, mtu niliyepanga naye chumba na sebule Kimara miaka minne tukigawana luku na sufuria moja, ni mchumba wa mtu rasmi. Hongera sana mama. Hongera sana shemeji Elibariki.

Sasa kaeni vizuri niwasimulie, maana hii habari nina haki nayo kuliko mtu yeyote.

Tarehe 22 Desemba 2021, stendi ya Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Mnazijua zile siku. Wachaga wote wa Dar wanarudi kwao, kila mtu na kiroba chake, makuli wanagombania mabegi yako kama wamekuzaa wao. Mimi nimekaa kiti namba 13, Naku namba 14 dirishani. Anakuja kaka mmoja mrefu, kavaa sweta la kijivu, kashika tiketi. Kiti namba 14. Kampuni siitaji, ila wameuza kiti kimoja mara mbili, na konda anatutazama kama sisi ndio tumekosea.

Mtu mwingine angesema basi, tuelewane. Naku? Akaitoa tiketi yake, akaisoma kwa sauti: jina, tarehe, saa, namba. Akamwambia yule kaka aisome na yake. Halafu akauliza ya nani ilikatwa kwanza. Basi zima likajua kuna Mpare na Mchaga humu ndani, na utani ukalipuka. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Kijana, mwachie hicho kiti! Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku!" Eli naye hakukaa kimya, akamjibu kwamba Wapare wanapenda dirisha kwa kuwa upepo wake ni wa bure.

Mwisho konda akamletea kreti la soda aketi njiani, pembeni yangu. Mchaga wa watu kalipa nauli kamili ya msimu wa Krismasi, amekaa kwenye kreti. Kila tukikaribia trafiki konda anapiga kelele, "Wa kwenye kreti, inama!" na Eli anainama, magoti yanagusa kidevu. Kibaha akainama, Chalinze akainama, Segera akainama. Mara ya nne Naku akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko chenyewe cha kuonea huruma kidogo.

Korogwe tukashuka kula. Naku hakushuka. Akafungua hotpoti lake la makande aliyoyapika usiku wa kuamkia safari, kwa sababu chipsi za njiani kwake ni wizi. Eli akarudi na mishikaki miwili, akaangalia lile hotpoti, akasema, "Mtani, hayo si chakula, hayo ni adhabu." Dakika tano baadaye alikuwa ameshika kijiko.

Na hapa ndipo ninapodai haki yangu. Mimi ni Msambaa, nashuka Mombo. Nilipoinuka kwenye kiti namba 13, nani alikaa? Yaliyosemwa kuanzia Mombo hadi Mwanga mimi siyajui. Naku ana toleo lake, Eli ana lake, na hayafanani. Ninachojua ni kwamba Naku alishuka Mwanga, Eli akamshushia kiroba chake, akamuuliza, "Sasa hii kesi tutaisikiliza wapi?" Kwa hiyo mshenga wa kwanza wa ndoa hii ni mimi, na sijapewa hata soda.

Nirudi Usangi. Wageni walitakiwa saa nne, wakafika saa sita. Wakasingizia ukungu na ile barabara ya kupanda kutoka Mwanga. Ni kweli Julai huku juu unaweza kumpita mama yako mzazi usimwone, lakini wenyeji hawakutaka kusikia. Faini ya kuchelewa: elfu hamsini. Mshenga wa Marangu akasema ishirini. Jamani, Mchaga na Mpare wakikaa kubishania hela, sisi wengine tunavuta viti tunajifunza. Robo saa nzima, kwa adabu zote, kwa "wazee wangu" na "kwa heshima yenu", hadi ikatua elfu thelathini na mia tano. Hiyo mia tano sijaielewa mpaka leo.

Halafu ikaja ile shughuli ya kumtambua mwali. Wakatufunika khanga gubigubi, tukatolewa mmoja mmoja, na kila anayekataliwa lazima alipiwe nauli ya kurudi ndani. Wa kwanza nikatolewa mimi. Nimejikunja, nimevuta miguu ndani ya khanga, hata pumzi sitoi. Eli akaniangalia mara moja tu, akasema, "Huyu arudishwe Mombo." Watu hoi! Wa pili alikuwa binamu yake Naku, wa tatu shangazi wa miaka sitini na kitu aliyegoma kurudi ndani, anasema na yeye anaolewa leo leo. Wa nne Eli hakusubiri afunuliwe. Alisimama.

Kilichonitoa machozi mimi si hapo. Ni kabla, wakati mshenga anajieleza. Alikuwa ameipanga hotuba yake vizuri, kwamba wamekuja kuifunga kesi ya kiti namba 14 nje ya mahakama, watu wanacheka. Baba mdogo wake Naku, ambaye ndiye amesimama mahali pa baba, hacheki. Anamwangalia Eli tu. Akamkatisha mshenga, akasema, "Subiri. Huyu kijana si ndiye yule wa kuni?"

Wengi wenu hamlijui hili, na Eli si mtu wa kulisema. Baba yake Naku alipofariki mwaka 2023, wakati huo hakuna aliyemjua Eli pale nyumbani, na Naku hakuwa hata na nguvu ya kumtambulisha mtu. Eli alifunga banda lake Kimara, akaacha friji za watu (na simu za kulalamika alipokea, mojawapo ilikuwa ya mama mwenye nyumba wetu), akapanda basi. Pale msibani hakukaa na waheshimiwa kwenye turubai. Alikwenda nyuma ya nyumba akashika shoka. Siku tatu amepasua kuni, amebeba maji, usiku amelala kwenye basi la walioleta msiba kutoka Dar. Baba mdogo aliuliza mara mbili huyu kijana ni wa nani, kila mtu akadhani ni wa mwenzake. Siku ya nne akaaga watu kwa kuwapa mkono, akaondoka bila kujitambulisha. Mimi nilikuwepo. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka hadi nyama inaonekana, akaniomba plasta, akaniambia nisimwambie Naku.

Basi baba mdogo akasema, "Huyu tunamjua. Mengine semeni haraka, wali unapoa." Haraka yenyewe kwenye mahari haikuwepo, msidanganyike. Mkaja wa mama uko palepale, blanketi la bibi liko palepale. Lakini sauti ya mazungumzo ilibadilika tangu pale, na mama yake Naku akavuta pembe ya khanga akajifuta macho.

Baada ya pete wakaombewa, kisha baba mdogo akawapa neno. Waliokulia Upare wanazijua ndiva, yale mabwawa madogo ya wazee: maji ya kijito yanazibwa usiku kucha, alfajiri yanafunguliwa kwenda mashambani. Akawaambia, "Mtanuniana, hilo mlijue. Usiku zibeni, mlale. Lakini asubuhi fungueni. Ndiva isiyofunguliwa hupasua ukuta." Eli akaitikia kwamba kwao Marangu maji yanapita tu mfongoni hayazibwi. Baba mdogo akamjibu, "Ndiyo maana mnapiga kelele usiku."

Naku wangu, nimekuona ukitoka zamu ya usiku wodini miguu imevimba, unapanda mwendokasi umesimama mpaka Kimara, na bado unafika unauliza nani ameacha taa inawaka. Nimekuona ukiandika matumizi kwenye daftari hadi kiberiti. Jumamosi hukuhesabu chochote. Ulikaa tu umemshika mtu mkono, chai ikapoa mbele yako, na chai ya kupoa kwako ni dhambi. Mungu akutunzie huo utulivu.

Shemeji, umepata mwanamke atakayejua kila shilingi yako iko wapi. Pole, na hongera. Endelea kuwa yule wa kuni.

Picha ni nne tu. Msinilaumu, Naku kazichagua mwenyewe na anasema nyingine ni za familia. Ile ya Eli akinikataa mimi ninayo, na nitaitunza kwa matumizi ya baadaye.

Ndoa ni Desemba, tarehe mtatangaziwa matangazo yakianza kusomwa kanisani. Ndiyo, kamati inaundwa. Ndiyo, kutakuwa na kadi za mchango, na najua mmeanza kuzima simu. Mwenyekiti ni Mchaga, mhazini ni Mpare, kwa hiyo pesa yenu itaonekana na itabanwa vilevile. Upande wa Marangu ndafu imeshaahidiwa, upande wa Usangi dengelua, na mimi nakuja na maparachichi ya Lushoto.

Wa Dar tutakodi basi. Katibu, jina langu liandike la kwanza: kiti namba 13, na safari hii sishuki Mombo. Namba 14 acheni wazi, ila kreti lipakieni.